Picha Imepotea, Mipaka Ipo

Picha ya angani ya shamba la ukoo wetu huko Nala, nje kidogo ya jiji la Dodoma, imepotea ofisini, nasi twaambiwa mjadala wa matumizi ya ardhi usubiri. Nakataa. Majirani tuliitembea mipaka na kuiandika: kutoka mbuyu ulio kando ya barabara ya Singida, kaskazini hatua 300 kufuata ua wa minyaa hadi korongoni, magharibi kufuata korongo hadi kichuguuni, kusini hadi barabarani, mashariki hadi mbuyuni. Maelezo yasiyorudi yalikoanzia yana kasoro.

Ugumu ulikuwa korongo. Mvua hula kingo zake kila mwaka, hivyo kusema “mpaka ni korongo” ni kupanda ugomvi. Tukaandika ukingo wa kusini, na umbali wake toka mbuyuni.

Kisha njia. Angani, njia ya ng’ombe iendayo lamboni ilionekana kama mstari mweupe tu. Wazee ndio waliotueleza ni mifugo ya nani hupita humo, na tangu lini. Mchoro wa viwanja unaopendekezwa umeiziba.