Taja Shida Mlangoni
Wiki hii barua pepe yenye kichwa “Kikao” ililala siku mbili kwenye simu ya mwenzangu ofisini, chini ya matangazo ya benki. Ombi lenyewe, achague Jumanne au Alhamisi, lilikuwa mstari wa mwisho. Nani angejua? Simu hukata kichwa kirefu, basi ombi na siku vitangulie: “Chagua Jumanne au Alhamisi, saa 4 asubuhi: kikao cha bajeti”. Neno “Muhimu” mimi huliruka; abishaye hodi ataje shida yake mlangoni. Anayeandika “Kikao” tu amemtwisha mwenzake kazi yake mwenyewe. Na siku ikihama, kichwa kibadilishwe, maana “Re: Kikao Jumanne” itawaleta watu Jumanne ileile.