Tarehe ya kulinganishia si yoyote tu

Ndugu mwandishi, mstari wa muda umeuchora vizuri, ila uliposema malipo yanaweza kulinganishwa kwa tarehe yoyote, ungeongeza: iwapo riba inazaa riba. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana, na sisi tunatoza riba ya kawaida, asilimia 2 kwa mwezi. Chukueni mkopo wa shilingi 1,000,000. Mkopaji analipa 300,000 mwezi wa 3, 400,000 mwezi wa 7, na salio X mwezi wa 12. Tukisogeza kila kitu hadi mwezi wa 12: 1,000,000(1.24) = 300,000(1.18) + 400,000(1.10) + X, kwa hiyo X ni 446,000. Tukirudisha malipo yote hadi siku ya mkopo, yaani tukiyagawanya kwa 1.06, 1.14 na 1.24, X inakuwa 453,969. Mkopo ni uleule, tofauti karibu 8,000! Riba ikizaa riba kila mwezi, X ni 468,082 popote utakapolinganishia. Mliobishana hapo juu kuhusu majibu kutofanana, angalieni hapo kwanza. Na viongozi wa vikundi, tafadhali andikeni tarehe ya kulinganishia kwenye mkataba kabla fedha haijatoka.