SERIKALI IKIIBA, NANI ASILIPE KODI?



Liko neno linalozunguka kisiwani mwetu, toka lango la Kilindini mpaka vibaraza vya Mji wa Kale. Linasema: "Serikali imejaa wezi, basi kodi ya nini?" Sisi watu wa reli hatulidharau neno hili, kwa sababu wizi upo. Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alisema hadharani kwamba zaidi ya shilingi bilioni 2 huibwa kila siku. Mtu wa kawaida akisikia hayo toka kinywa cha mkuu wa nchi, afanye nini?

Lakini kwanza tuulize: ni nani hasa anayeweza kukataa kulipa? Si sisi. Kodi ya mshahara hukatwa na karani kabla pesa hazijatufikia. Mtu wa mshahara hana mlango wa kutorokea. Mwenye mlango ni tajiri aandikaye hesabu zake mwenyewe. Basi anayehubiri "msilipe" hahubiri kwa ajili yetu, hata kama amesimama katikati yetu.

Tena watu wanachanganya mambo mawili. Liko la kupunguza kodi kwa njia ambayo sheria yenyewe imeifungua, na liko la kukwepa, yaani kuficha mapato au kuandika uwongo. La kwanza ni haki ya kila mmoja wetu. La pili ni kosa la jinai. Na katikati yapo matajiri wanaobuni mikataba ya karatasi tupu, isiyo na kazi nyingine ila kuepa kodi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inaruhusu KRA kuwaadhibu hao pia.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF ni 3,000, bima ya afya ya SHIF ni 1,375, na tozo ya nyumba ni 750. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu hutolewa kwanza, kisha kodi huhesabiwa juu ya 44,875 zinazobaki. Baada ya kupunguziwa 2,400 ambazo kila mfanya kazi anastahili, kodi yake ni kama 5,846. Mkononi hupata kama 39,029.

Fundi huyu akiweka 5,000 nyingine kila mwezi katika mfuko wa pensheni ulioandikishwa, kodi yake hupungua kwa 1,500. Sheria inamruhusu kufanya hivyo mpaka jumla ya 30,000 kwa mwezi, pamoja na NSSF yake. Hajaiba, hajasema uwongo, na akiba ni yake. Hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Sasa tuitazame ya pili. Tajiri anamwita fundi yuleyule, anamwambia: "Kwenye karatasi nitakuandika 24,000. Zile 26,000 nitakupa mkononi, kwenye bahasha. Kwa nini tuwalishe wezi?" Kweli, kwa mshahara wa 24,000 hakuna kodi ya mshahara hata senti. Fundi anakwenda nyumbani na 47,540. Amepata 8,511 zaidi, naye anamsifu tajiri wake.

Ndugu, hesabu haiishii hapo. NSSF yake imeshuka toka 3,000 mpaka 1,440, na mchango wa tajiri umeshuka vivyo hivyo. Akiba ya uzee wake inapungua 3,120 kila mwezi. Siku akipunguzwa kazini, malipo yake yatahesabiwa juu ya 24,000. Na siku akiangukiwa na mzigo akafa, au akalemaa kabisa, sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahesabu mshahara wa miezi 96. Kwa mshahara wake wa kweli ni shilingi 4,800,000. Kwa ule wa karatasi ni 2,304,000. Mjane atakwenda mahakamani na nini? Bahasha haina sahihi.

Na tajiri je, amefanya hivyo kwa kutuhurumia? Mshahara ulioandikwa humpunguzia faida yake ya kutozwa kodi, kwa hiyo mwenye biashara halali hupenda kuuandika wote. Anayeuficha ni yule ambaye pesa za bahasha zimetoka katika mauzo ambayo nayo hayakuandikwa. Bahasha yako ni ukia tu. Ng'ombe mzima amefichwa nyuma. Wewe umepewa 8,511 ili uwe shahidi asiyeweza kusema.

Wako watakaotujibu: "Lakini wizi wa serikalini haujakoma." Ni kweli. Ila mwizi wa ofisini hangoji zamu. Mfuko ukipungua, yeye huchukua kwanza, na upungufu huishia kwa mgonjwa anayeambiwa akanunue dawa nje. Kisha serikali hutafuta pesa pale zinapopatikana kwa urahisi, yaani kwenye mishahara yetu na kwenye bidhaa dukani. Kodi aliyoikwepa tajiri huilipa kuli.

Wengine watatukumbusha Mekatilili wa Menza na Wagiriama, waliowakatalia Waingereza kodi na kazi za kulazimishwa mwaka 1913 na 1914. Tunawaheshimu. Lakini tazameni tofauti mbili. Wao hawakuwa na kura, wala bunge, wala mahakama iliyo yao. Na walikataa mchana, mbele ya watu, wakapigwa na kuhamishwa kwa ajili hiyo. Anayeandika vitabu viwili vya hesabu usiku nyuma ya duka asijifunike nguo ya Mekatilili.

Leo iko njia ya kukataa mchana. Katiba ya 2010, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Tozo ya nyumba ilipoletwa mwaka 2023, raia walikwenda mahakamani. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu iliitangua, na sababu moja ilikuwa hii: iliwabagua watu wa mshahara, ikawaacha wengine. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kuisimamisha hukumu hiyo, na ukataji ukasimama. Machi 2024 Bunge lilitunga sheria mpya, tozo ikarudi, lakini safari hii iliwagusa pia wasio na mshahara. Hatukushinda yote. Hata hivyo lile neno letu, kwamba mzigo usibebwe na mfanya kazi peke yake, liliandikwa katika hukumu. Na Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa Juni 26 na watu waliojitokeza barabarani, wengine wakalipa kwa roho zao. Haukuondolewa na mtu aliyeficha risiti.

Basi msimamo wetu ni huu. Kodi halali tunalipa, na kwa sababu tunalipa tunadai hesabu yake kwa sauti kubwa. Bahasha hatupokei. Kila mwanachama aidai fomu yake ya P9 kila mwaka, ailinganishe na karatasi zake za mshahara, kisha aulize NSSF kama michango imefika. Mkato ukiwa kwenye karatasi lakini haumo NSSF, hapo yuko mwizi, naye si wa Nairobi. Mlete jina lake kwa katibu wa tawi.