Nyama ya Skuli ya Bweni



Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri na barua ya mwanawe, aliyekuwa kidato cha kwanza katika skuli ya bweni huko bara. Kijana alikuwa hali nyama tangu muhula uanze. Siku za nyama hula ugali mkavu. Baba alitaka twende tukalalamike. Tukamuuliza: nani anayechinja? Hakujua, wala sisi hatukujua.

Basi tukamwandikia mwalimu mkuu barua fupi, ikatiwa saini na wazazi wote Waislamu wa skuli ile, tukiuliza mambo matatu: nyama hununuliwa wapi, je, skuli huchinja wanyama wake yenyewe, na je, nguruwe hupikwa katika vyombo hivyo hivyo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, kinacholinda uhuru wa dini, hatukukitaja. Hicho ni cha kutumiwa pale mtu akataliwapo. Anayetangulizwa sheria huipeleka barua kwa bodi, nanyi mkangoja kikao.

Jibu lilikuja kwa upole. Nyama ya kila wiki hutoka bucha ya mjini, na imamu wa mji ule alikwenda machinjioni akamkuta mchinjaji ni Mwislamu, kama ilivyo katika machinjio mengi ya nchi hii. Kijana alikuwa akijinyima bure!

Tatizo lilikuwa kwenye karamu ya kufunga skuli. Fahali wa shamba hupigwa shoka la kichwa kwanza, kisha ndipo akakatwa shingo. Wako watakaosema kuwa mfanyakazi yule ni katika Ahlul Kitabu. Lakini mnyama aliyekufa kwa pigo ni haramu kwa aya ya 3 ya Suratul Maida, achinje nani. Isitoshe, nguruwe wa skuli hupikwa katika masufuria yale yale, na katika madhehebu yetu ya Shafi chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni mpishi gani wa wanafunzi mia kadhaa tutakayemtaka hayo?

Ilikuwa rahisi zaidi wazazi kuchanga na kununua sufuria, mwiko, kisu na ubao, vyote vikatiwa rangi ya kijani. Mwalimu mkuu akakubali fahali achinjwe na mtu wa msikiti, kwa kisu kikali, bila shoka.

Hata hivyo, katika karamu iliyofuata kijana aliuona upawa mmoja ukitoka sufuria ya nguruwe na kuingia ya kijani. Upawa tulikuwa tumeusahau. Sasa upo wa kijani pia, na chakula cha sufuria ile hupakuliwa kwanza, kabla zile nyingine hazijafunuliwa.