Tangi la mvua lipimwe kwa manjanja na kiangazi, si kwa bei

Mwezi wa saba Goma, watoto wanabeba bidoni kutoka ziwani wakipita mbele ya nyumba zenye matangi makubwa. Matangi hayo ni matupu. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, maji ya mvua yanapenya na kupotea chini, na ndiyo maana wakaaji wengi wanategemea manjanja yao. Lakini tangi linanunuliwa kwa kuangalia mfuko, ama linaletwa na mradi unaogawa aina moja kwa nyumba zote. Hilo ni kosa, kwa sababu nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuomba matangi tofauti kabisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya metre kareé moja inatoa litre moja. Eneo linalohesabiwa ni lile ambalo paa linafunika chini, urefu mara upana. Mteremko wa paa hauongezi kitu. Kisha litolewe fungu moja katika matano, kwa ajili ya maji yanayoruka nje ya mifereji, yanayokauka na yale ya kwanza yanayosafisha vumbi. Nyumba yenye paa la metre kareé 60 inabaki basi na litre 48 kwa kila milimita.

Tuseme ndani kuna jamaa inayotumia bidoni tano za litre 20 kila siku. Hizo ni litre 100 kwa siku, 3.000 kwa mwezi. Sasa ichukuliwe mvua ya wastani ya kila mwezi, si ya mwaka mzima. Kwa mfano, mwezi wa sita uwe na milimita 40, wa saba 20, wa nane 55, na miezi mingine yote izidi 63. Mwezi wa sita paa linatoa litre 1.920, kwa hiyo zinapungua 1.080. Wa saba linatoa 960, zinapungua 2.040. Wa nane linatoa 2.640, zinapungua 360. Ukijumlisha mapungufu hayo matatu unapata litre 3.480. Huo ndio ukubwa wa tangi: maji ambayo lazima yawe yamewekwa akiba kabla kiangazi hakijaingia.

Hata hivyo wastani unaficha miaka mibaya. Mwezi wa saba ukipita bila tone, pengo linafika litre 4.440. Kwa hiyo nyumba hii inunue tangi la litre 5.000. La 10.000 ni kutupa feza, na la 1.000 linaisha siku chache baada ya mvua kukatika. Na je, hilo la 5.000 litajaa? Kama mwezi wa ine una milimita 130 na wa tano 100, baada ya jamaa kutumia yake zinabaki litre 5.040. Linajaa, lakini pembeni kidogo tu.

Wengi wanapokosea ni hapa: jamaa hiyohiyo ikipanda kutoka bidoni tano hadi nane kwa siku, inaomba litre 57.600 kwa mwaka. Pahali panapoanguka milimita 1.100 kwa mwaka, paa lile linatoa 52.800 tu. Hapo hakuna tangi litakalotosha, hata liwe kubwa kama nyumba. Muuzaji atakayependekeza kubwa zaidi anauza plastiki, hauzi maji. Kinachoombwa ni manjanja zaidi, ama bidoni chache.

Mara nyingi manjanja yapo, ila mfereji umefungwa upande mmoja wa paa. Nyumba ya metre kareé 60 inafanya kazi kama ya 30, nayo inatoa litre 26.400 kwa mwaka, chini ya zile 36.000 ambazo jamaa ya bidoni tano inahitaji. Mwenye nyumba analaumu tangi wakati nusu ya mvua yake inamwagika kwa jirani.

Njia ya kutambua kasoro ni kuangalia tangi lenyewe. Likifurika mwezi wa ine na kukauka mwezi wa saba, wakati matumizi hayakubadilika, ni dogo. Lisipofurika hata siku moja katika mvua nyingi za mwezi wa kumi na moja, tatizo ni paa, mfereji ama idadi ya bidoni.

Hesabu hii inahusu wingi wa maji, si uzuri wake. Kunapokuwa na moshi na majivu ya Nyiragongo, mvua inaweza kushuka na asidi na floridi, na tangi lenye kipimo sawa litajaa maji ya kufua na kuosha sakafu, huku ya kunywa yakitafutwa kwingine. Bidoni hizo za kunywa zitolewe katika zile tano kabla ya kwenda dukani, maana kila moja inayotolewa inapunguza matumizi ya maji ya tangi kwa litre 1.800 katika kiangazi cha miezi mitatu.