Mshtuko wa Moyo Usiokuja na Maumivu

Na Athumani S. Mbwana

Mnamo mwaka 2019, katika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, ambayo kwetu sisi wakazi wa Arusha ni jirani wa kilomita 80 hivi, watafiti waliwapima kwa utaratibu wagonjwa 681 waliofika wakilalamikia kifua au pumzi, wakakuta kwamba 152 miongoni mwao wamepatwa na mshtuko wa moyo, yaani sehemu ya msuli wa moyo imenyimwa damu hata ikaanza kufa. Katika hao, wanawake walikuwa kama 4 kwa kila 10. Waliopewa aspirini katika idara hiyo hawakutimia robo. Na siku 30 zilipokwisha, zaidi ya 4 kwa kila 10 walikuwa wamekwisha fariki dunia. Lakini hesabu iliyonishughulisha mno kuliko zote ni ya muda, kwani tangu dalili kuanza hata mgonjwa kufika hospitali zilikuwa zimepita, kwa wastani, zaidi ya siku 6.

Katika siku hizo zote mgonjwa na jamaa zake walikuwa wakidhani nini? Aghalabu huku kwetu hudhaniwa vidonda vya tumbo, au kichomi cha baridi ya Juni, au presha, au uzee tu. Na dhana hizo hupata nguvu kwa kuwa sote tumefundishwa sura moja ya maradhi haya, ya mwanamume wa makamo aliyejishika kifua, akihisi kana kwamba amewekewa jiwe zito, na maumivu yakimteremka mkono wa kushoto. Sura hiyo si ya uongo, maana hata kwa wanawake maumivu ya kifua ndiyo dalili iliyo ya kawaida kuliko zote. Ila katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2012, wenye wagonjwa zaidi ya milioni moja, wanawake 42 katika kila 100 walifika hospitali wakiwa na mshtuko wa moyo pasipo maumivu yoyote ya kifua, ilhali wanaume walikuwa 31.

Na tumtazame mgonjwa mmoja wa mfano, ambaye kwake yamekutana mambo matatu yanayoificha dalili: ni mwanamke, umri wake miaka 68, na amekaa na kisukari miaka 15. Anakaa juu kidogo ya Tengeru, katika migomba na kahawa ya miteremko ya Meru, na njia ya kurudi sokoni ameipanda maisha yake yote. Kwa muda wa wiki tatu ameanza kusimama njiani mara mbili au tatu, akashika ua wa jirani, akavuta pumzi, kisha akaendelea. Usiku usingizi humpaa. Na wanawe wanamwambia apunguze kazi. Asubuhi moja, akiwa jikoni, anatokwa na jasho jembamba la baridi, kichefuchefu kinampanda, na chini ya kifua, penye chembe cha moyo, anahisi kujaa, si kuumwa. Jirani anamletea chai yenye sukari nyingi, kwa kudhani kwamba sukari imeshuka.

Jirani huyo hakukosa busara, maana sukari ikishuka hutoa jasho la namna iyo hiyo. Lakini hapa ndipo penye njia panda, na kidude cha kupimia sukari, ambacho baadhi ya wagonjwa wa kisukari wanacho nyumbani, chaweza kutuongoza. Kikionyesha chini ya 4, sukari imeshukiwa kwa haki, naye apewe kitu kitamu, kisha baada ya dakika 15 apimwe tena. Kikionyesha 9, au 16, basi jasho lile halikutokana na sukari kushuka, na ni wajibu moyo utafutwe pale pale. Tena mwili ukiwa katika shida kubwa hupandisha sukari wenyewe, kwa hiyo ile 16 yaweza kuwa athari ya mshtuko wa moyo. Nayo zahanati ikishughulika kuishusha tu, saa zenye thamani zinapotea huku kila mtu akiamini kwamba matibabu yanaendelea.

Sababu ya maumivu kutokuwapo kwa mwenye kisukari inafahamika. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu neva nyembamba, na uharibifu ule ule unaozitia nyayo ganzi hata mtu akakanyaga mwiba asijue, huzifikia pia neva zinazopeleka habari za moyo kwenye ubongo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiungoje moyo wake useme kwa maumivu. Ama kule kujaa kwa tumbo na kichefuchefu, ukuta wa chini wa moyo umekaa juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na neva zake huchanganya habari zake na za tumbo. Na kwa njia kama hiyo wengine huumwa taya, au shingo, au mgongo katikati ya mabega. Wazee sana huweza kuja na jambo geni zaidi: wanaanguka, wanazimia, au wanaamka wamechanganyikiwa, hawamtambui mjukuu.

Wengi huuliza watatofautishaje na vidonda vya tumbo. Dalili ya moyo hufuata kazi kuliko chakula: huja mtu apandapo, hutulia kwa dakika chache akiketi, na kila wiki inamjia kwa mwendo mfupi zaidi. Ikimjia akiwa ametulia, pamoja na jasho la baridi, hiyo ni dharura. Wala asidanganyike kwa kuwa dawa ya tumbo imempa nafuu, maana nafuu hiyo haikanushi maradhi ya moyo.

Huyu mama, basi, aketishwe, asitembee kwenda barabarani. Na ikiwa aspirini haimdhuru, hana kidonda kinachotoa damu, wala hana mdomo uliopinda au upande uliolegea kama wa mwenye kiharusi, atafune miligramu 300, yaani vidonge 4 vile vidogo vya 75. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na anayempeleka aseme kwa maneno dhahiri: ana kisukari, ametokwa na jasho la baridi, pumzi imembana, tunaomba apimwe moyo. Kipimo hicho chatakiwa kifanywe ndani ya dakika 10 za kufika kwake. Nacho kina mipaka: karatasi ya kwanza yaweza kuonekana salama kabisa ilhali msuli unakufa, ndiyo maana hurudiwa, na damu hupimwa kitu kiitwacho troponini, ambacho huvuja kutoka katika msuli uliojeruhiwa na huchukua saa kadhaa kudhihiri, kwa hiyo mgonjwa kama huyu asirudishwe nyumbani kwa karatasi moja. Kwa baadhi ya mishtuko, ile ambayo karatasi huonyesha kwamba mshipa umeziba kabisa, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa 12 tangu dalili kuanza, na kila saa inayopita inapunguza faida yake.

Saa hizo 12 zahesabiwa tangu lini kwa mtu asiyeumwa? Mwenyewe atasema kwamba amechoka tangu mwezi uliopita, na tabibu hataweza kulitumia jibu hilo. Yatupasa kuhesabu tangu lile jasho lilipotoka, na anayeijua saa hiyo ni jirani aliyeleta chai. Kwa hiyo apande naye gari, asiachwe nyumbani kulinda watoto huku mgonjwa akipelekwa na kijana ambaye hakuona lolote.