Anayepiga Simu ni Nani? Dawati la Msaada na Funguo za Mafaili ya Wagonjwa

Katika hospitali inayotunza mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta, kuna mtumishi mwenye mamlaka makubwa kuliko cheo chake: yule anayepokea simu kwenye dawati la msaada la kitengo cha TEHAMA. Daktari hufungua mafaili ya wagonjwa wake, na mhasibu huona malipo ya bima. Mhudumu wa dawati, kwa kubadili nywila moja tu, anaweza kumfanya mtu asiyemjua awe daktari huyo au mhasibu huyo. Ndiyo maana wezi wengi wa taarifa hawahangaiki tena kuvunja mfumo. Wanapiga simu.

Mwezi Aprili 2024, kituo cha usalama wa mitandao cha Wizara ya Afya ya Marekani kilizitahadharisha hospitali za nchi hiyo juu ya simu za namna hii. Mpigaji alijitambulisha kuwa mtumishi wa idara ya fedha, na namba aliyoitumia ilionekana kuwa ya eneo lile lile la hospitali. Alipoulizwa maswali ya uthibitisho aliyajibu bila kusita: namba ya utumishi, tarakimu 4 za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na maelezo mengine ya mtumishi halisi. Kisha akaeleza shida yake. Simu yake ya kiganjani imeharibika, hawezi kuingia kwenye mfumo wala kupokea namba za uthibitisho, hivyo aliomba simu mpya isajiliwe badala ya ile ya zamani. Mhudumu alipokubali, mwizi aliingia kwenye tovuti za malipo na kubadili akaunti za benki, fedha za hospitali zikaelekezwa kwake.

La kutazamwa hapa ni kwamba mhudumu hakuvunja utaratibu. Aliuliza maswali aliyofundishwa kuuliza, na majibu yote yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika utaratibu wenyewe, uliochukulia kwamba anayezijua taarifa za mtu ndiye mtu huyo. Taarifa za aina hiyo huokotwa katika kurasa ambako watumishi hutangaza kazi zao, au katika orodha zilizoibwa zamani kutoka taasisi nyingine.

Hali ya Tanzania haitofautiani sana. Cheki namba ya mtumishi wa umma imo katika kila hati ya mshahara, na hati hiyo hupelekwa benki kila anapoomba mkopo. Namba ya NIDA huachwa katika nakala kwenye vibanda vya kutolea fotokopi. Tarehe ya kuzaliwa huanikwa mtandaoni na marafiki wenye nia njema. Hayo hayawezi kuwa siri kati ya mtumishi na dawati la msaada, na hospitali inayoyatumia kama uthibitisho imefunga mlango na kuacha ufunguo kizingitini. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, haiyatambui maswali ya namna hii kuwa njia inayokubalika ya kumthibitisha mtu.

Basi mhudumu afanye nini? Uthibitisho utoke katika jambo ambalo hospitali ililiandika kabla ya simu kupigwa, na ambalo mpigaji hawezi kulichagua mwenyewe.

Ichukuliwe kwa mfano simu ya saa tatu usiku. Sauti nzito inasema: “Kijana, mimi ni daktari bingwa wa upasuaji. Nywila imenikataa, na nina mgonjwa mezani.” Mhudumu mwenye adabu atajibu, “Shikamoo, dokta,” na kuanzia hapo yuko hatarini, kwa maana aliyemwamkia mkubwa huona haya kumhoji. Jibu linalofaa halina hoja ndani yake: “Sawa, dokta. Ninakata simu, kisha nakupigia kwenye namba yako iliyo kwenye rejista ya utumishi.” Asipige namba iliyojitokeza kwenye kioo, kwa sababu namba hiyo inaweza kughushiwa, wala namba atakayotajiwa wakati huo. Kama daktari ni wa kweli na simu yake ni nzima, ataipokea dakika hiyo hiyo, na kazi itaendelea.

Tapeli atakuwa na sababu. Simu ile imeibiwa, imeisha chaji, au imeanguka majini. Apigiwe kwenye hii. Sababu hiyo haimthibitishi kuwa mwizi, kwani simu za madaktari nazo huanguka. Ila ndiyo mahali pa kusimama na kutumia njia ya pili. Mhudumu ampigie msimamizi wa zamu kwa simu ya mezani ya wodi au chumba cha upasuaji, na msimamizi anayemfahamu daktari kwa sura ampe chombo mkononi. Daktari asiyeonekana wodini atasubiri, afike mwenyewe akiwa na kitambulisho cha kazi.

Hapo hutolewa pingamizi kwamba mgonjwa anaweza kufa wakati mhudumu anathibitisha. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake limo wodini. Daktari mwingine wa zamu hulifungua faili la mgonjwa kwa akaunti yake mwenyewe, na fomu za karatasi za wakati wa hitilafu lazima ziwepo kabatini daima. Hospitali ambayo uhai wa mgonjwa wake unategemea nywila ya mtu mmoja ina kasoro ambayo dawati la msaada haliwezi kuiponya kwa kulegeza masharti.

Kumpigia mtu simu nako kuna mpaka wake. Mwizi aliyefanikiwa kuihamishia namba ya mtumishi kwenye laini yake ataipokea simu hiyo yeye. Kwa hiyo akaunti zinazogusa malipo, au zinazofungua mafaili ya hospitali nzima, zidai njia mbili: simu ya rejista pamoja na kauli ya msimamizi. Namba ndani ya rejista zibadilishwe na idara ya utumishi pekee, mwenye namba akiwapo. Ombi la kusajili simu mpya ya kupokelea namba za uthibitisho ni zito kuliko la nywila, maana huondoa kizuizi cha mwisho; hilo lisikamilishwe kwa simu kamwe. Maombi hayo mawili yakija pamoja, kama yalivyokuja Marekani, mhudumu ayachukulie kuwa ishara ya hatari.

Yote haya hayatafanyika iwapo mhudumu anaogopa kugombezwa. Mganga mfawidhi atie saini waraka unaosema kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kukataa ombi lisilothibitishwa, na kwamba yeye mwenyewe, akisahau nywila yake, atapigiwa kwenye namba ya rejista kama wengine. Bila sentensi hiyo ya pili, waraka utabaki ukutani.

Wagonjwa nao wamo katika jambo hili, kwa kuwa majibu ya VVU, historia ya uzazi na dawa za magonjwa ya akili ndivyo vilivyo ndani ya mafaili hayo. Mgonjwa mwenye akaunti ya kupata majibu kwa simu apewe ulinzi ule ule: mume, jirani au mwajiri anayeijua tarehe yake ya kuzaliwa asiweze kubadilishiwa nywila kwa niaba yake. Na kila nywila inapobadilishwa, ujumbe uende kwenye simu na barua pepe zilizokuwapo kabla ya mabadiliko, ukitaja saa na namba ya dawati. Mtumishi au mgonjwa atakayepokea ujumbe huo bila kuwa ameomba chochote apige namba hiyo usiku huo huo, akaunti ifungwe kwanza, maswali yafuate.